Minofu asilimia 41.3: uchunguze au uache?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu wa gharama kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Bosi ameweka sheria: tofauti yoyote inayozidi asilimia 5 ya bajeti iandikiwe maelezo siku hiyo hiyo. Basi kila siku nakimbizana na barafu, dizeli na sabuni. Alhamisi iliyopita minofu ilitoka asilimia 41.3 ya uzito wa samaki waliopokelewa, wakati bajeti ni 42.5. Sheria haikusema kitu, lakini moyo wangu haukutulia. Nimekutumia takwimu za siku 24 na bei zetu. Nitajuaje tofauti ipi inastahili kuchunguzwa?*

Marahaba. Moyo wako ulikuwa na haki ya kutotulia, ila ungekosea kama ungesimamisha mstari na kuita watu. Alhamisi ile ilihitaji nusu saa, kijiko na mzani mdogo wa jikoni. Kijiko nitakifikia. Kwanza tuitazame hiyo asilimia 5, maana ndiyo inayokuchosha.

Barafu yenu ina bajeti ya shilingi 600,000 kwa siku. Asilimia 5 yake ni 30,000. Lakini katika takwimu ulizonituma, barafu inapanda na kushuka yenyewe kwa kiasi cha 60,000 hivi bila mtu yeyote kufanya kosa: leo jua kali, kesho gari la kutoka mwaloni, boti zinakoshusha samaki, limechelewa, keshokutwa samaki wamefika tayari wamepoa vizuri. Kwa mchezo huo wa kawaida, barafu itaruka mpaka wa asilimia 5, juu au chini, karibu siku 6 katika kila siku 10. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya siku zako za kazi unaandika maelezo ya jambo lisilo na maelezo. Na hata siku ukilipata kosa la kweli, umeokoa 30,000.

Sasa minofu. Bajeti ni 42.5, na asilimia 5 chini yake ni 40.4. Mnapokea tani 10 za samaki kwa siku, kwa hiyo pointi moja tu, kutoka 42 kwenda 41, ni kilo 100 za nyama ambazo hazikwenda kwenye boksi la minofu, zilibaki kwenye mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya kukata minofu. Kilo ya minofu mnauza 15,000, nyama hiyo hiyo ikiwa imeng'ang'ania panki inawapa 1,000. Tofauti ni 14,000 kwa kilo, mara kilo 100, ni shilingi milioni 1.4 kwa siku. Sheria ya bosi haitaliona hilo. Nimepiga hesabu kwa namna minofu yenu inavyotawanyika: mstari ukishuka hadi wastani wa 41 na kukaa hapo, mpaka wa 40.4 utavukwa kwa wastani mara moja katika siku 17. Siku 17 mara milioni 1.4 ni karibu milioni 24, na sheria imelala, huku ikibweka kila asubuhi kwa ajili ya barafu.

Ubaya wa asilimia moja kwa kila kitu ni huo. Haijui kitu kipi kwa asili yake kinayumba na kipi kimetulia, wala haijui pointi moja ya kitu hicho ina thamani gani. Maswali hayo mawili ni tofauti, na kila moja lina hesabu yake.

La kwanza ni la kuyumba. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya simu huko Marekani, alichora chati yenye wastani katikati na mipaka miwili, juu na chini, na chati hiyo haijabadilika sana hadi leo. Mipaka haitoki kwenye bajeti. Inatoka kwenye mwenendo wa kazi yenyewe. Ndiyo maana nilipopokea takwimu zako nilichofanya kwanza ni kuisahau 42.5.

Weka asilimia ya minofu ya kila siku kwenye safu B, na kwenye safu C weka tofauti ya siku na siku iliyotangulia, bila alama ya kujumlisha wala kutoa:

```
C3:  =ABS(B3-B2)
E1:  =AVERAGE(B2:B23)
E2:  =AVERAGE(C3:C23)/1.128
E3:  =E1-3*E2
E4:  =E1+3*E2
```

Nakili C3 kushuka hadi C23. E1 ni wastani, E2 ni kipimo cha kuyumba, yaani mchepuko sanifu, na E3 na E4 ni mipaka. Hiyo 1.128 ni namba ya majedwali ya udhibiti wa ubora. Inageuza wastani wa ruka-ruka za siku mbili mbili kuwa mchepuko. Utauliza kwa nini usitumie STDEV moja kwa moja. Kwa sababu kama ndani ya siku zako kulikuwa na wiki moja mbaya, STDEV itaimeza wiki hiyo, mchepuko utavimba, na mipaka itapanuka hadi iifiche wiki ile ile uliyotaka kuikamata. Ruka-ruka za siku kwa siku hazivimbi kirahisi namna hiyo.

Katika siku zako 24 nimetoa mbili. Moja ni ile umeme ulipokatika mchana kutwa, sababu inajulikana na haitusaidii kujua kazi ya kawaida ikoje. Ya pili nitaisema mwishoni. Zilizobaki 22 zinatoa wastani wa 42.0 na mchepuko wa 0.4. Mipaka basi ni 40.8 na 43.2.

Hapo kuna jambo la pembeni ambalo bosi wako hatalipenda. Wastani ni 42.0, bajeti 42.5. Hiyo nusu pointi ipo kila siku, ni shilingi 700,000, na hakuna uchunguzi wa siku moja utakaoiondoa, kwa sababu hakuna siku iliyoisababisha. Mara nyingi kiwango cha bajeti hupatikana hivi: anachaguliwa mkataji hodari kuliko wote, anapewa samaki wakubwa na kisu kipya, na watu wamesimama wanamtazama. Namba inayotoka inaandikwa kuwa ya wote. Peleka nusu pointi hiyo kwenye kikao cha bajeti. Usiipeleke kwa msimamizi wa ukumbi wa kukata, hana la kukujibu.

Tukirudi kwenye chati: kazi ikiwa salama, namba itatoka nje ya mipaka hiyo mara moja katika siku 370 hivi. Ni kengele isiyolia ovyo. Kwa mtu wa ubora anayetaka amani inatosha. Kwa mhasibu haitoshi, kwa sababu Shewhart hakuuliza bei ya kengele. Kuna kiwanda ambako uchunguzi unagharimu kikombe cha chai, na kingine ambako unagharimu mshahara wa mwezi. Haiingii akilini wote wawili wasubiri michepuko mitatu.

Kwa hiyo swali la pili, la bei. Mwaka 1961 wanazuoni watatu wa uhasibu wa Marekani, Bierman, Fouraker na Jaedicke, waliliweka kwa sentensi moja ambayo naigeuza kwa maneno yangu: chunguza pale ambapo uwezekano wa kuwepo kasoro, ukizidishwa na utakachookoa, unazidi gharama ya kuchunguza. Wengi wanaijua sentensi hiyo darasani. Wanaanguka kwenye kujaza namba.

Gharama ya kuchunguza kwanza. Usihesabu mshahara wako wala wa msimamizi, mnalipwa hata mkikaa. Hesabu kinachotoka mfukoni kwa sababu tu mmechunguza. Kwenu, mstari ukisimama saa moja, kazi inasogea jioni na saa za ziada zinafika 550,000. Samaki wanaosubiri wanaongezewa barafu ya 150,000. Kundi la majaribio linalokatwa na wakataji wawili ili kulinganisha linashuka daraja, mnapoteza kama 200,000. Jumla 900,000.

Utakachookoa ndiko kwenye mtego. Nimeona ripoti zinazosema: milioni 1.4 kwa siku, mara siku 300 za kazi, ni milioni 420, kwa hiyo tuchunguze kila kitu. Hapana. Kasoro haitakaa mwaka mzima ikikungoja. Usipochunguza leo, kesho utaona namba nyingine, na keshokutwa nyingine. Mstari ukiwa umeshuka hadi 41.0, chati yenyewe yenye mpaka wa 40.8 itakushtua kwa wastani baada ya siku 3 hivi. Basi unachookoa kwa kuchunguza leo ni siku 3 za hasara, milioni 4.2, si mwaka. Tena si kila uchunguzi hupata chanzo. Wewe umesema kumbukumbu zenu zinaonyesha mnapata 7 katika 10. Kwa hiyo tegemeo ni milioni 4.2 mara 0.7, yaani milioni 2.94.

Gawa 900,000 kwa milioni 2.94. Inatoka karibu 0.31. Maana yake: uchunguzi kamili unalipa pale tu unapoamini kwamba kuna nafasi zaidi ya 31 katika 100 kuwa kuna kasoro ya kweli. Namba hiyo haina uhusiano wowote na asilimia 5.

Sasa Alhamisi. Asilimia 41.3, je, nafasi ya kasoro ilikuwa ngapi? Huhitaji fomula, hesabu siku kama unavyohesabu kreti. Uliniambia mwaka jana, katika siku 300 za kazi, mlithibitisha kasoro kwenye siku 15: visu, wakataji wageni, mambo ya mizani. Hiyo ni siku 1 katika 20. Chukua siku 1,000: 950 ni salama, wastani wake 42.0, na 50 zina kasoro, tuseme wastani wake 41.0. Katika siku 950 salama, zinazoangukia 41.3 ni kama 20. Katika zile 50 zenye kasoro, zinazoangukia hapo ni kama 4. (Idadi hizi zinatoka kwenye mkunjo wa kengele. NORM.DIST ya Excel itakupa.) Ukiona 41.3, basi, umesimama mbele ya siku 24, na 4 tu kati yake zina kasoro. Ni nafasi 1 katika 6, karibu 16 katika 100. Iko chini ya 31. Uchunguzi kamili Alhamisi ungekuwa kutupa fedha.

Ingekuwa 41.1 je? Salama zinazofika huko ni kama 8, zenye kasoro kama 5. Nafasi ni 39 katika 100 na uchunguzi unalipa. Mstari wa uamuzi basi uko kati ya 41.2 na 41.1, juu kidogo ya mpaka wa 40.8 wa chati. Ukiuweka hapo, siku salama zitakusumbua bure kama mara moja katika siku 60 za kazi. Kwa 900,000 kila miezi miwili na ushee mnanunua uwezo wa kukamata kasoro ya pointi moja baada ya siku moja na nusu badala ya siku 3. Mimi ningenunua.

Najua utaniuliza, na ile 1 katika 20, kama si kweli? Pengine siyo, kwa sababu siku zenye kasoro ambayo hamkuigundua hazimo kwenye zile 15. Basi iongeze mara mbili, sema 1 katika 10. Nimejaribu: 41.3 inapanda hadi nafasi 28 katika 100, bado haifiki 31. 41.2 ndiyo inavuka. Yaani kosa la mara mbili nzima kwenye makisio limesogeza mstari kwa sehemu moja ya kumi ya pointi. Usikeshe ukibishana na bosi kuhusu 5 au 10. Bishaneni kuhusu 900,000 na siku 3, hapo ndipo mstari unapohama kweli.

Na ndipo kijiko kinapoingia. Watu wanazungumza juu ya kuchunguza kama jambo moja, unafanya au huufanyi. Kumbe uchunguzi una ngazi. Ngazi ya kwanza kwenye kiwanda cha sangara ni hii: chukua mapanki 10 kutoka kila meza ya kukata, yakiwa bado mabichi, kabla hayajapelekwa nje kwa wanunuzi. Kwangua kwa kijiko nyama iliyobaki kwenye uti wa mgongo pande zote mbili, nyuma ya kichwa pale kwenye kola, na kwenye mbavu. Pima. Samaki wenu wana wastani wa kilo 3, kwa hiyo tani 10 ni samaki kama 3,300, na kilo 100 zilizopotea ni gramu 30 kwa kila samaki. Kama siku ya kawaida mapanki 10 yanatoa gramu 600, siku ambayo pointi moja nzima imebaki mezani yatatoa gramu 900. Utaona kwa macho hata kabla ya mzani: nyama nyeupe imelala kwenye uti kama utepe, badala ya kubaki nyuzi nyuzi. Meza moja ikiwa na utepe na nyingine hazina, ni kisu au mkono wa mtu. Zote zikiwa nao, angalia jiwe la kunolea, au nani alibadilisha zamu.

Kazi hiyo ni vibarua wawili kwa nusu saa na mapanki machache yasiyouzika, tuseme 40,000. Haitaona kila chanzo. Tuseme itaona nusu. Nusu ya milioni 4.2 ni milioni 2.1, na 40,000 ndani yake ni chini kidogo ya 2 katika 100. Kwa hiyo kijiko kinalipa hata uwezekano wa kasoro ukiwa 2 tu katika 100, na hapo unafika ukiona 41.6. Mezani kwako paandikwe hivi: 41.7 na kuendelea, endelea na kazi yako, 41.6 hadi 41.2, kijiko, 41.1 kushuka, simamisha. Alhamisi yako ilikuwa ya kijiko waziwazi: nafasi 16 katika 100, inazidi 2, haifiki 31.

Kuna sababu nyingine ya kukipenda kijiko, nayo niliilipia. Nikiwa kijana nilikuwa mhasibu kwenye kiwanda kimoja cha samaki kwenye mwambao huu. Asilimia ya minofu ilishuka kutoka 42 hadi 41.3 na kubaki hapo siku baada ya siku. Tukaunda kamati. Wiki nzima tulisimama nyuma ya wakataji na daftari, tukapima dakika, tukawahamisha meza, kijana mmoja akapewa onyo la maandishi. Namba haikusogea. Hakuna aliyeyatazama mapanki. Tungeyatazama tungeona yako safi kama siku zote, na tungejua kwamba nyama haikuwahi kuwepo.

Chanzo kilikuwa kreti. Stoo walileta kreti mpya za plastiki, nzito zaidi. Za zamani zilikuwa na kilo 2.2, mpya 2.6. Mzani wa mapokezi uliendelea kupunguza 2.2 tu kwa kila kreti. Kila kreti ya kilo 25 za samaki ikaandikwa 25.4. Fanya hesabu: 42 mara 25, gawa kwa 25.4, ni 41.3. Pointi zote zilizopotea zilikuwa hapo, hazikugusa kisu. Hasara ilikuwa ya kweli lakini mahali pengine kabisa: kreti 400 kwa siku mara gramu 400 ni kilo 160 za plastiki tulizowalipa wauza samaki kwa bei ya sangara. Kwa bei yenu ya sasa ya 5,000 kwa kilo ni 800,000 kila siku. Na yule kijana hakuna aliyemwomba radhi, hilo sitalisahau.

Kwa hiyo kijiko kikirudi na gramu 600 zako za kawaida huku minofu iko 41.3, hakijashindwa. Kimekuambia uache meza na uende mapokezi. Pima kreti tupu 10. Angalia kama samaki wanapimwa pamoja na barafu na maji yake, au yanachujwa kwanza. Hayo nayo ni ya bei ya chai.

Sasa, ukiacha Alhamisi ikapita, Ijumaa ikatoka 41.3 tena, usiihesabu kama siku mpya. Jana ulikuwa na nafasi 1 katika 6. Siku salama hutoa 41.3 mara chache, na kuitoa mara mbili mfululizo ni adimu zaidi, wakati mstari ulioharibika huitoa bila shida. Kwa hesabu ile ile ya siku, nafasi inafika 39 katika 100, sawa kabisa na siku moja ya 41.1. Simamisha. Sheria ya bosi wako, inayoitazama kila siku kana kwamba jana haikuwepo, haiwezi kuliona hili hata ukibadilisha asilimia 5 kuwa 3 au 2. Wanaotumia chati bila bei wana kanuni inayofanana: namba 8 mfululizo upande mmoja wa wastani zinahesabiwa kuwa ishara, hata kama hakuna iliyovuka mpaka. Kwa kitu kinachogharimu milioni 1.4 kwa siku, 8 ni nyingi mno. Kwa barafu inafaa sana. Barafu ichore, itazame kwa wastani wa wiki, na uandike maelezo pale tu wastani huo unapokaa upande mmoja. Ndani ya wastani wa siku 6 kuyumba kwa 60,000 kunapungua hadi kama 24,500, na upotevu wa kudumu unaanza kuonekana wenyewe. Dizeli na sabuni vivyo hivyo.

Hesabu hii yote ina mahali inapovunjika: ukubwa wa samaki. Sangara wadogo hutoa minofu kidogo kwa kilo kuliko wakubwa wa wastani. Wiki ambayo boti zinaleta wadogo wengi, asilimia itashuka bila kisu, bila kreti, bila kosa la mtu, na hakuna uchunguzi utakaookoa hata senti, kwa sababu huwezi kumrefusha samaki. Kama madaraja yenu ya ukubwa yanapimwa kando kwenye mapokezi, chora chati kwa kila daraja, au rekebisha kiwango cha siku kwa mchanganyiko wa siku hiyo kabla ya kulinganisha. Usipofanya hivyo, msimamizi wako atajua njia. Ukimdai barua kila siku, ataandika "samaki walikuwa wadogo" kila siku, na siku watakapokuwa wadogo kweli hutaweza kujua. Nimesoma barua hizo kwa miaka. Zilikuwa na mwandiko tofauti na sentensi ile ile.

Nimebakiza ile siku ya pili niliyoitoa, ya tarehe 9. Minofu 43.3. Kwenye karatasi yako mtu ameandika "hongera" kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo siku pekee kati ya zote 24, ukiacha ya umeme, iliyovuka mpaka wa chati, na hakuna aliyeuliza. Minofu haiongezeki kwa bidii kiasi hicho ndani ya siku moja na kurudi 42.1 kesho yake. Ama ngozi na miiba haikuondolewa sawasawa, na utaona malalamiko ya mteja kwenye shehena ya siku hiyo, ama minofu ilipimwa ikiwa imekunywa maji, ama kuna kreti zilizopita mapokezi bila kuandikwa. Ya mwisho ndiyo ningeanza nayo: lete daftari la mzani wa mapokezi la tarehe 9, na hati za magari yaliyotoka mwaloni siku hiyo, uhesabu kreti moja moja.